Mstari Mwekundu: Vile Niliwaeleza Wanachama wa Chama Chetu

Wasee, wengi wenu mmeuliza kwenye DM vile chama chetu hufuatilia hisa bila watu kukosana. Jumapili iliyopita nilipewa dakika ishirini kwa mkutano kueleza hiyo kitu mbele ya wanachama wote, na siku hiyo hewa ilikuwa nzito kidogo. Tulikuwa tumeuza hisa zetu za kwanza kwa hasara, halafu wiki tatu baadaye bei ikapanda. Wanachama watatu walitaka kanuni ya kikomo ifutwe kabisa. Nimeandika hapa karibu kila kitu nilichosema. Nimetoa majina ya watu na jina la kampuni, kwa sababu sitaki mtu akimbie kununua wala kuuza kwa sababu yangu.

Nilianza hivi.

Mwenyekiti, mweka hazina, wanachama wenzangu, hamjambo. Mnanijua. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha mambo ya fedha, na kazi yangu ni kamera na simu. Kwa hivyo leo sitawaambia hisa gani itapanda. Nitawaeleza hesabu ambayo mtu yeyote wa darasa la nane anaweza kuikagua, na mkimaliza kuikagua, mpige kura.

Tuko watu kumi na wawili. Kila mtu anatoa 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja hiyo ni 288,000, bila kuhesabu riba. Kuna mtu hapa anatoa hiyo 2,000 kwa kupeleka watu stejini na bodaboda, kuna mwingine anaitoa kwa kuuza viazi karai. Nikisema tumepoteza asilimia fulani, nataka mkumbuke hiyo ni siku ngapi za mtu kazini.

Kanuni ya kwanza, ambayo watu husahau kwa sababu haina drama, ni hii: tunaamua hasara kabla ya kununua. Tulikubaliana kwamba hisa ya kampuni moja isitupotezee zaidi ya asilimia 2 ya pesa yote ya chama. Asilimia 2 ya 288,000 ni 5,760. Hiyo ndiyo pesa tuko tayari kuona ikienda bila kupigana. Halafu tukasema tukinunua hisa, tukiona imeshuka asilimia 15, tunatoka.

Sasa hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Watu wanadhani kikomo kinatuambia tu wakati wa kuuza. Kazi yake kubwa ni kutuambia tununue ngapi. Broka wetu anakata karibu asilimia 2 tukinunua, na karibu asilimia 2 tena tukiuza. Hizo ni 4. Ongeza 15 ya bei kushuka, unapata 19. Kwa hivyo tunajiuliza, ni pesa ngapi nikipoteza asilimia 19 yake napata 5,760? Gawanya, utapata 30,000 na kitu kidogo. Ndio maana tulinunua za 30,000. Kuna mtu aliniuliza mbona tusiweke 100,000 kama tunaamini hiyo kampuni. Jibu ni kwamba asilimia 19 ya 100,000 ni 19,000, na hapo tungekuwa tumevunja makubaliano yetu hata kabla bei haijasonga.

Hisa ilikuwa shilingi 20. Tukapata hisa 1,500. Siku hiyo hiyo tukaandika mistari miwili kwenye daftari: wa manjano kwa 18.00, na mwekundu kwa 17.00. Tuliandika kwa kalamu, watu watatu wakatia sahihi. Sio kwenye simu ya mtu.

Mstari wa manjano hauuzi kitu. Unafanya mambo mawili tu. Kwanza, mwenye zamu anapiga simu kwa mwenyekiti badala ya kungoja Ijumaa. Pili, hakuna kuongeza hisa za kampuni hiyo. Najua mnakumbuka mwezi wa pili bei ilipofika 18, kuna mtu hapa alisema, na alisema kwa roho safi, kwamba sasa ni bei ya kutupa, tuongeze 30,000 nyingine. Tulikataa. Nimepiga hesabu ya hiyo siku. Kama tungeongeza, tungeuza zote kwa bei ile ile tuliyouza, na hasara yetu yote ingekuwa zaidi ya 9,500, badala ya ile tuliyonayo, ambayo nitawafikia sasa hivi. Bei ya kutupa inaweza kutupwa tena kesho.

Kuhusu kufuatilia kwenyewe. Soko la Hisa la Nairobi hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwenye zamu haangalii bei saa nne, wala saa sita, wala akiwa kwa matatu. Anaangalia mara moja, baada ya soko kufungwa, na anaandika vitu viwili: bei ya kufunga, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Basi. Tulijaribu ule mtindo wa kila mtu kuangalia apu ya broka mchana kutwa, na nyote mnajua kile kilikuwa kinatokea kwa grupu. Skrinshoti saa tano, mtu amepanik saa tano na dakika mbili, saa saba bei imerudi na sasa ni meme.

Bei ya kufunga ni wastani wa bei za siku nzima, na pale hisa nyingi ziliuzwa ndipo panapohesabika zaidi. Lakini kama siku nzima zimeuzwa hisa 300 tu, hata huo wastani ni maoni ya watu wawili watatu. Ndio maana tunaandika idadi. Na ndio maana mstari mwekundu kwetu hauhesabiki kwa siku moja. Bei lazima ifunge chini yake siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza tunaitana. Siku ya pili, kama bado iko chini, mweka hazina na katibu wanatuma oda ya kuuza kesho yake asubuhi, bila mkutano mwingine. Akaunti ya CDS iko kwa jina la chama na inahitaji sahihi mbili, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kuuza peke yake kwa hasira, na hakuna mtu anaweza kukataa peke yake kwa mapenzi.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe, kwa sababu nimeskia kuna watu wanasema mimi nilisogeza mstari mwekundu. Ni kweli ulisogezwa, na nataka mjue kwa nini.

Kampuni ilitangaza mgao wa shilingi 1.50 kwa kila hisa. Mgao huwa na siku ya mwisho. Ukinunua kabla ya hiyo siku, unapata mgao. Ukinunua baada yake, mgao ni wa aliyekuuzia. Sasa fikirieni kama mnunuzi: jana hisa ilikuwa inakuja na 1.50 ndani yake, leo inakuja mikono mitupu. Utalipa bei ile ile? Hautalipa. Ndiyo maana bei huanguka asubuhi hiyo kwa kiasi kinachokaribia mgao. Hakuna mtu amepoteza kitu, ni pesa imehama kutoka kwa bei kwenda kwa akaunti yako. Shida ni kwamba bei huanguka leo, na mgao unalipwa baadaye sana, hata baada ya miezi. Katikati hapo, ukiangalia jedwali, inaonekana kama umechapwa.

Bei yetu ilikuwa 19.00. Baada ya siku ya mwisho ikafunga 17.60, halafu siku iliyofuata ikafunga 16.90. Mnaona? Ile 16.90 iko chini ya 17. Kama mstari ungebaki pale pale, siku nyingine moja kama hiyo na tungeuza kwa sababu ya pesa ambayo tayari ni yetu.

Mgao wetu ulikuwa hisa 1,500 mara 1.50, yaani 2,250. Serikali hukata kodi ya asilimia 5, tukabaki na 2,137.50. Kwa kila hisa hiyo ni kama shilingi 1.42. Kwa hivyo mstari mwekundu ulishuka kutoka 17.00 hadi 15.60. Kitu muhimu hapa ni tarehe. Fungueni daftari. Mabadiliko yaliandikwa siku kampuni ilitangaza mgao, wakati bei bado ilikuwa juu ya 18 na hakuna mtu alikuwa na presha. Mstari unaweza kushushwa kwa mgao, au kampuni ikigawa hisa za bonasi, au ikigawanya hisa moja kuwa nyingi. Kwa sababu hizo tatu pekee, na kabla ya siku yenyewe. Mtu akija na sababu ya nne bei ikiwa tayari imegusa mstari, hiyo si sababu, hiyo ni kuomba soko msamaha.

(Hapo yule wetu wa bodaboda alicheka, na nikajua angalau mtu mmoja ananifuata.)

Sasa, hisa haikusimama pale. Jumanne moja ikafunga 15.50. Mwenye zamu akapiga simu. Jumatano ikafunga 15.40, na hisa nyingi ziliuzwa siku hizo zote mbili, kwa hivyo hakukuwa na kisingizio cha watu wawili watatu. Alhamisi asubuhi oda ikaenda. Na hapa nataka msikize vizuri, kwa sababu ndipo mnaona kikomo si ukuta. Hatukuuza kwa 15.60. Hatukuuza hata kwa 15.40. Hisa 900 zilienda kwa 15.30, na 600 zilizobaki zikaenda kwa 15.05, kwa sababu wanunuzi wa 15.30 walikuwa wameisha. Wastani 15.20. Pesa ikaingia Jumanne iliyofuata, kwa sababu soko letu huchukua siku tatu za kazi kukamilisha mauzo.

Hesabu nzima iko kwenye ripoti. Kununua kulitugharimu 30,600 pamoja na ada. Kuuza kulituletea 22,800, toa ada, ikabaki 22,344. Ongeza mgao 2,137.50. Hasara ni 6,118.50. Kikomo chetu kilikuwa 5,760. Tumekipita kwa 358.50, na hiyo iko kwenye ripoti kwa mstari wake, haijafichwa kwenye jumla. Ukigawa hasara yote kwa watu kumi na wawili, ni kama 510 kwa kila mtu.

Na ndio, bei imepanda hadi 16.60. Sitawadanganya. Kama tungeshikilia hadi leo na kuuza leo, tungepata 2,058 zaidi baada ya ada. Hiyo ni 171.50 kwa kila mtu. Kanuni imetugharimu hiyo pesa wakati huu. Lakini wale wanaosema tumetupa faida, hakuna faida hapo. Hata kwa 16.60 bado tungekuwa na hasara ya 4,060. Ili turudi pale tulipoanza, pamoja na mgao, bei ingehitaji kufika kama 19.36.

Mmoja wenu aliniambia kwa simu, wewe nunua tu kampuni kubwa, kampuni kubwa hazianguki. Nikamkumbusha Safaricom. Mwaka wa 2021 hisa yake ilikuwa zaidi ya shilingi 40. Mwaka wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni haikufungwa, M-Pesa haikusimama, na sisi wote tuliendelea kununua bando. Mtu aliyenunua kwa 40 na kuangalia ikifika 15 amepoteza zaidi ya asilimia 60, na kurudi pale alipokuwa, bei inahitaji kuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya hapo. Kushuka na kupanda hazina ngazi sawa. Ukishuka asilimia 15 unahitaji kupanda kama 18 kurudi, hiyo unaweza kungoja. Ukishuka 60 unahitaji kupanda 150.

Kuna kitu kimoja ambacho mistari yetu haiwezi kukizuia, na nisiposema leo mtanilaumu kesho. Hisa inaweza kusimamishwa. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni mwaka wa 2020 na kurudi Januari 2025. Zaidi ya miaka minne. Katika muda huo wote, hata ungekuwa na mstari mwekundu, wa zambarau, wa rangi zote, hakuna pahali pa kuuzia. Mumias Sugar nayo ilisimamishwa 2019. Hata bila kusimamishwa, bei kwa kawaida hairuhusiwi kusonga zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hivyo habari mbaya sana ikitoka, bei inashuka 10 na inakwama, wauzaji wamejaa foleni na mnunuzi hayuko. Kitu pekee kinachotulinda hapo ni ile 30,000. Ikisimamishwa tukiwa ndani, tunaweza kupoteza 30,000 yote, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 10 ya pesa ya chama. Inauma, lakini chama kinaendelea. Ndio maana hatushiki zaidi ya kampuni tatu kwa wakati mmoja, na pesa iliyobaki, karibu 200,000, inakaa kwa mfuko wa MMF.

Na tukigongwa mistari mitatu myekundu kwa mwaka mmoja, yaani karibu 17,280, hatununui hisa yoyote kwa miezi miwili. Hakuna kujadili. Watu waliopoteza mara tatu mfululizo hununua ya nne wakitaka kulipiza.

Mwisho ni ripoti. Inatoka Ijumaa kabla ya saa mbili usiku, na ina mambo yale yale kila wiki, kwa mpangilio ule ule: jina la hisa, bei tuliyonunulia, bei ya kufunga ya Ijumaa, mistari yetu miwili, umbali kutoka mstari mwekundu, na pesa ya chama kwa jumla. Umbali ndio namba ya kwanza ya kuangalia. Kwenye jedwali, kama bei ya leo iko C2 na mstari mwekundu uko D2, ni hii tu:

```
=(C2-D2)/C2
```

Ikisoma asilimia 12, lala. Ikisoma 2, usilale na simu ikiwa imezimwa. Ikiwa chini ya sifuri, unajua kazi.

Mwenye zamu haandiki maoni. Haandiki "naona itarudi," haandiki "manze hii ni noma." Maoni yana grupu yake. Mtu mwingine, ambaye si mwenye zamu, anakagua namba Jumamosi kwa kulinganisha na taarifa ya broka, kisha anaandika "nimekagua" na jina lake. Tukiona Ijumaa moja imepita bila ripoti, tunachukulia kama mstari wa manjano umeguswa: mwenyekiti anapigiwa simu. Kwa vyama vingi pesa haipotei siku bei imeshuka. Hupotea zile wiki ripoti ilianza kuchelewa na watu wakaona aibu kuuliza.

Nilikaa chini hapo. Maswali yalikuja, na lile gumu liliulizwa na mwanachama wetu wa viazi karai: mbona asilimia 15, mbona si 10 au 25? Nilimjibu kwamba hakuna namba takatifu. Ukiweka 10, hisa zetu za Nairobi zinaweza kushuka hivyo kwa wiki ya kawaida tu, utakuwa unauza na kulipa ada kila mara. Ukiweka 25, sawa, lakini asilimia 25 na ada 4 ni 29, kwa hivyo lazima ununue za kama 19,800 badala ya 30,000. Akatoa simu, akagawanya mwenyewe, akasema hiyo ameelewa, na kwamba yeye angependelea 20.

Tulipiga kura. Wanane walitaka kikomo kibaki, wanne walitaka kifutwe. Kisha tukapiga kura ya pili juu ya 20, na ikapita. Kwa hivyo kuanzia hisa inayofuata hatununui zaidi ya 24,000 kwa kampuni moja, kwa sababu 5,760 ukigawa kwa asilimia 24 inakuja hapo hapo. Hisa mbili tulizonazo zinabaki na mistari yao ya zamani, maana ziliandikwa hivyo. Zamu ya wiki hii ni ya mmoja wa wale wanne waliotaka kikomo kifutwe. Ameomba nimtumie jedwali, na nimemtumia.